Karai likishika moto: kwa nini mafuta huzimwa kwa sabuni, si kwa maji

Ilikuwa saa saba kasoro mchana, mgahawa mdogo wa Mwanga, Kigoma mjini, meza zote zimejaa. Jikoni kulikuwa na karai lenye lita 6 hivi za mawese. Migebuka ya mwisho ilikuwa imeshatolewa, na mpishi alitoka mara moja kwenda kuangalia wali uliokuwa kwenye jiko la mkaa uani. Jiko la gesi aliliacha likiwaka vilevile. Yale ya wali yakamchelewesha. Aliporudi alikuta moshi umetanda mpaka darini, na kabla mkono wake haujafika kwenye jiko, uso mzima wa mafuta ukashika moto kwa mara moja, bila mtu kuwasha chochote.

Binti anayeosha vyombo ndiye aliyekuwa karibu zaidi. Akafanya anachofanya mtu yeyote aliyekulia kwenye nyumba ya moto wa kuni: akachota jagi la maji. Mama mwenye mgahawa akapiga ukelele kutoka mlangoni, "Mwanangu, weka chini! Weka chini hilo jagi!" Yeye mwenyewe akazima gesi kwenye mtungi, akavuta sinia kubwa la bati, akalisukuma juu ya karai kutokea upande wake, taratibu, mpaka likaziba mdomo wote. Moto ukanyamaza. Zikapita kama dakika mbili. Mpishi akataka kuona hali, akainua ukingo wa sinia kidogo tu, na moto ukarudi palepale, mkubwa kama ule wa kwanza.

Huko kurudi kwa moto ndiko kunakonifanya niandike. Nimepika kwenye migahawa miaka mingi, na sasa napita jikoni kwa watu kusaidia mazoezi ya dharura ya moto. Swali ninaloulizwa mara nyingi ni kizimamoto gani kinunuliwe. Jibu lake huwezi kulielewa mpaka kwanza uelewe kwa nini karai lile liliwaka bila kuwashwa, na kwa nini liliwaka tena baada ya kuzimwa.

Petroli hutoa mvuke unaowaka hata ikiwa baridi, ndiyo maana hulipuka kwa cheche. Mafuta ya kupikia si hivyo. Ukitupia njiti ya kiberiti kwenye bakuli la mawese ya baridi, njiti itazimika. Ili yawake lazima kwanza yapate joto kali sana. Tunakaangia samaki kwenye nyuzi 170 hadi 190 za selsiasi. Yakiendelea kupata moto yanaanza kutoa moshi. Mafuta yaliyosafishwa hufika hapo kwenye nyuzi 230 hivi, lakini mawese yetu mekundu ambayo hayajapita kiwandani, na mafuta yoyote yaliyokaangia siku tatu nne mfululizo, hutoa moshi mapema zaidi. Moshi huo ndio onyo, na unauma macho, kwa hiyo mtu aliye jikoni hawezi kuukosa. Anayeukosa ni yule aliyetoka. Baada ya hapo joto likipanda mpaka nyuzi 350 hivi au kupita kidogo, mvuke wa mafuta hujiwasha wenyewe unapokutana na hewa. Hauhitaji tena kiberiti wala jiko.

Hapo ndipo penye tofauti kubwa. Moto wa karatasi au wa kuni ukiupoza kwa maji umeumaliza. Moto wa mafuta ukiuondolea mwali umebaki na lita 6 za kitu chenye joto la kutosha kujiwasha upya kila kinapopata hewa. Sinia liliziba hewa, moto ukafa. Sinia lilipoinuliwa hewa ikaingia, mafuta yalikuwa bado yako juu ya nyuzi zile, moto ukafufuka. Karai la lita 6 halipoi kwa dakika mbili. Mimi huwaambia watu walifunike, wazime gesi, kisha wasiliguse kwa nusu saa nzima, na kama bado linatoa joto kali mkono ukiwa mbali, waliache zaidi. Wala usilibebe kulitoa nje. Nimeona watu wenye makovu kutoka kiunoni mpaka miguuni kwa sababu walilibeba karai linalowaka, hatua mbili mbele upepo wa mlangoni ukawarudishia moto usoni, wakaliachia.

Sasa lile jagi. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo yakimwagwa hayabaki juu, yanazama. Yakifika chini yanakutana na nyuzi zaidi ya 300, wakati yenyewe huchemka kwenye 100. Yanageuka mvuke kwa papo hapo, na lita moja ya maji hutoa takriban lita 1,700 za mvuke. Kikombe cha robo lita, basi, kinataka nafasi ya zaidi ya lita 400, yaani mapipa mawili makubwa, ndani ya karai, kwa kufumba na kufumbua. Mvuke ukitafuta pa kutokea hubeba mafuta yanayowaka pamoja nao, na kilichokuwa moto wa karai kinakuwa nguzo ya moto inayogonga dari na kuwaangukia wote waliosimama pale. Jagi la binti yule lilikuwa la lita mbili.

Watu wakishajua maji hayafai, wanaanza kutafuta kingine. Mchanga wa ndoo ni mzuri kwa mafuta yaliyomwagika sakafuni, lakini ukiutupa kwenye karai la kina unayarusha mafuta nje. Unga wa ngano au wa mahindi usiuguse kabisa, maana unga uliotimka hewani nao unawaka. Magadi ya kuumulia maandazi yanaweza kuzima kikaango kidogo chenye mafuta ya kufunika chini tu. Kwenye karai ni sawa na kutupa chumvi ziwani. Blanketi la kuzimia moto, lile la nyuzi za kioo linalokaa kwenye mfuko mwekundu ukutani, hufaa kwa sufuria ndogo. Kwa karai pana la lita nyingi, mfuniko au sinia la chuma linalolizidi mdomo ndilo bora, mradi moto bado uko ndani ya karai na unaweza kulifikia bila kupitisha mkono juu yake.

Na kama huwezi kulifikia? Hapo ndipo kizimamoto kinapohitajika, na hapo ndipo Kigoma tunapoweza kuelewa haraka kuliko watu wengi, kwa sababu hapa mtoto wa miaka kumi ameshaona sabuni ya mawese ikitengenezwa. Unachukua mawese, unachanganya na maji ya kostiki, unakoroga, na baada ya muda yale mafuta si mafuta tena. Yamekuwa uji mzito unaoganda, haupiti kwenye chujio na hauwaki. Kizimamoto kilichotengenezwa maalumu kwa mafuta ya kupikia kinafanya kazi hiyohiyo, ila kwa sekunde badala ya saa. Ndani yake kuna maji yaliyoyeyushiwa chumvi za potasiamu zenye tabia ya kostiki nyepesi. Zikigusa mafuta ya moto, uso wa juu wa mafuta hugeuka povu la sabuni. Povu hilo linaziba hewa na kuuzuia mvuke wa mafuta usitoke, na wakati huohuo yale maji yanayapoza mafuta yaliyo chini. Mambo mawili ambayo sinia lilihitaji nusu saa kuyafanya, sabuni inayaanza mara moja.

Mtu makini atauliza: si nimesema maji ni hatari? Ndiyo, lakini kizimamoto hiki hakimwagi. Kina mrija mrefu wenye kichwa kinachotoa manyunyu laini, na manyunyu hayo huanguka polepole juu ya mafuta badala ya kuchimba kwenda chini. Kwa sababu hiyohiyo, mtu asije akachukua maji ya sabuni ya kufulia au ya kostiki akayatupa kwenye karai akidhani ni kitu kimoja. Ndoo ya maji ya sabuni ni ndoo ya maji, italipuka vilevile.

Utakitambuaje dukani? Moto wa mafuta ya kupikia umepewa kundi lake, herufi F kwa vizimamoto vya mtindo wa Ulaya, na K kwa vile vya mtindo wa Marekani. Tafuta herufi hiyo kwenye lebo. Vya mtindo wa Uingereza ambavyo mwili wake wote ni mwekundu huwa pia na utepe wa rangi inayoeleza kilichomo: wa manjano ni huu wa mafuta, wa bluu ni unga mkavu, mweusi ni hewa ukaa, na wa rangi ya malai ni povu. Usinunue kwa rangi peke yake. Soma herufi.

Ukizunguka migahawa ya hapa mjini utakuta kilichotundikwa karibu kila mahali ni kile cha bluu, unga mkavu, mara nyingi wa kilo 6. Sisemi kitupwe. Ni kizuri kwa moto wa gesi, wa nyaya za umeme na wa makaratasi, na mwali wa mafuta kinaweza kuuangusha. Tatizo ni kwamba unga haupozi. Utapiga, moto utatoweka ndani ya wingu jeupe, utashusha pumzi, na baada ya nusu dakika mafuta yatajiwasha tena. Kizimamoto cha kilo 6 huisha kwa sekunde 20 hivi, kwa hiyo moto wa pili utakukuta mikono mitupu. Tena ukikifyatua kwa karibu, nguvu yake huchapa mafuta yakaruka nje ya karai. Cha hewa ukaa kina dosari hizohizo mbili, nguvu na kutopoza. Kile cha povu kina maji mengi. Kwenye karai kiache kabisa.

Kwa hiyo nikiulizwa na mtu anayekaanga samaki, chipsi au maandazi kila siku, namwambia anunue kimoja cha kundi F kwa ajili ya karai, na cha unga abaki nacho kwa mengine. Kama fedha bado hazijatosha, mfuniko wa chuma uliotengenezwa na fundi kwa kipimo cha karai lako ni kinga ya kweli leo hii, na ukilazimika kutumia cha unga, simama hatua tatu nyuma, elekeza juu ya uso wa mafuta si ndani yake, na mwenzako awe tayari na mfuniko wa kufunika mara mwali unapoanguka.

Namna ya kukitumia cha kundi F inatofautiana kidogo na vingine. Unavuta pini, unasimama umbali ambao joto linavumilika, si chini ya mita moja, unainua ule mrija ili manyunyu yaangukie mafuta kutoka juu, na unazungusha mkono polepole kama unayemwagilia bustani ya mchicha. Usiache mwali unapopotea. Maliza chote, kwa sababu tabaka la sabuni likiwa jembamba hupasuka na moto hutokeza kwenye ufa.

Gesi yenyewe nayo inahitaji maelezo yake, kwa sababu karibu kila karai sasa limekaa juu yake. Tangu Serikali ilipozindua mwaka 2024 mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, jikoni nyingi zilizozoea mkaa zimeingiza mitungi ya kilo 15 na 38, na wapishi wengi wamekuja na mazoea ya mkaa. Mkaa ukiuacha unakufa wenyewe. Gesi ukiiacha inaendelea kutoka.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu kama moshi, inateremka sakafuni na kukaa kwenye mashimo, mifereji na chini ya meza. Haina harufu ya asili. Ile harufu ya yai viza imeongezwa makusudi ili uigundue mapema, kabla haijafikia kiasi cha kuwaka, ambacho ni kama sehemu 2 tu katika 100 za hewa. Chukua jiko la mita 3 kwa 3 lenye dari ya mita mbili na nusu. Gesi isiyofika kilo moja ikitawanyika humo inatosha, na kwa kuwa inatulia chini, sehemu ya sakafuni hufikia kiwango hicho mapema zaidi. Kwa hiyo ukisikia harufu na hakuna kinachowaka, usiguse swichi yoyote, wala ya kuwasha wala ya kuzima, maana cheche hutokea upande wowote. Simu iache mpaka utoke nje. Zima gesi kwenye mtungi, fungua milango na madirisha, na kama uani kuna jiko la mkaa karibu na mlango, ujue gesi itakayotoka itaelekea huko. Watu waondoke upande huo.

Kutafuta panapovuja, tunarudi kwenye sabuni. Povu la sabuni na maji, sifongo, na unapaka kwenye mdomo wa mtungi, kwenye regyuleta, kwenye bana zote mbili za mpira na mpira wenyewe kwa urefu wake. Mapovu yakivimba, ndipo hapo. Kwa kawaida ninapakuta ni pale mpira unapoingia kwenye jiko lenyewe, mahali ulipokaukia kwa joto la jiko na kupasuka mipasuko midogo unayoiona ukiukunja. Usitumie kiberiti kutafuta. Usilaze mtungi ili kukamua gesi ya mwisho, kwa sababu ukiulaza kinachotoka si gesi tena, ni kimiminika, na kila lita yake hutanuka kuwa zaidi ya lita 200 za gesi.

Gesi inayovuja ikishashika moto, kanuni inageuka. Usiuzime mwali kama huwezi kuifunga gesi. Mwali unaokula gesi pale inapotoka ni moto unaouona. Ukiuzima na gesi ikaendelea kutoka, unajaza chumba kwa moto usiouona, unaosubiri cheche. Funga kwanza. Kwenye regyuleta za kubana ni kugeuza swichi yake mpaka alama ya kuzima, na kwenye mtungi mkubwa ni kuzungusha koki kuelekea inakozunguka mishale ya saa. Mwali ukiwa mdogo, kitambaa kizito kilicholoweshwa kikikinga mkono kinatosha. Mtungi wenyewe ukiwa umezingirwa na moto, usijaribu. Toa watu, wapeleke mbali nyuma ya ukuta, piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Nilirudi kwenye mgahawa ule wa Mwanga wiki mbili baadaye, wakakubali kufanya zoezi. Tuliliweka karai tupu jikoni, tukatia ndani kitenge chekundu, na saa ya simu ikaanza nilipopiga kelele "Moto!" Hawakujua ni dakika gani nitapiga. Wafanyakazi walikuwa wanne. Wote wanne wakakimbilia karai.

Hilo ndilo kosa la kila zoezi la kwanza, na lilifichua mengine. Kizimamoto chao cha unga kilikuwa kimetundikwa nyuma ya jiko, yaani ili ukichukue ungepitisha mkono juu ya moto. Mshale wake ulikuwa umeshuka kwenye nyekundu. Sinia lililowaokoa siku ile lilikuwa limeazimwa kwa jirani kwa ajili ya shughuli. Mpishi alipoinama kuuzima mtungi aliizungusha koki upande wa kufungulia. Na hakuna aliyewaambia wateja kitu. Zoezi lilipokwisha, mzee mmoja alikuwa bado anakula ugali wake kwa utulivu. Zilipita dakika moja na sekunde kumi kabla gesi haijafungwa.

Tukagawana kazi kwa nafasi, si kwa majina, kwa sababu zamu hubadilika. Aliye karibu na mtungi anafunga gesi na hafanyi kingine. Anayekaanga anafunika, na kama mfuniko haufikiki anachukua kizimamoto na kusimama mgongo ukielekea mlangoni. Anayehudumia meza anawatoa wateja mpaka kwenye mwembe ulio ng'ambo ya barabara na kuwahesabu. Wa nne anapiga 114 akiwa nje, na anajua sentensi ya kusema: mtaa, alama ya karibu ambayo dereva hawezi kuikosa, kinachowaka, na kama kuna mtungi ndani. Anabaki barabarani kulipungia gari. Tuliandika pia mpaka wa kurudi nyuma: moto ukigusa dari, au kizimamoto kimoja kikiisha na bado unawaka, kila mtu anatoka na mlango unafungwa.

Binti wa vyombo akauliza kama anaruhusiwa kutumia maji kwa kitu chochote. Ni swali zuri. Nikamwambia maji ni ya mtu. Aliyeungua, mwekee maji baridi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20 juu ya alipoungua, vua pete na bangili kabla hajavimba, wala usimpake dawa ya meno, asali wala mafuta. Toka siku hiyo, hiyo ndiyo kazi yake, na jagi limehamia kwenye bomba la uani.

Zoezi la pili lilichukua sekunde 22 mpaka gesi kufungwa na karai kufunikwa. Koki ya mtungi sasa ina mshale wa rangi nyeupe uliochorwa na mpishi mwenyewe, mtungi umehamishiwa nje ya ukuta, na mpira umepitishwa kwenye tundu. Mfuniko wa chuma wenye mpini mrefu, uliochongwa na fundi wa sokoni, unaning'inia kwenye msumari kando ya mlango, na hauazimwi. Kile cha unga kilipelekwa kujazwa, maana kizimamoto kikishafyatuliwa hata mara moja huendelea kupoteza nguvu kimyakimya. Cha kundi F wamekiagiza, na kikifika kitakaa njiani kati ya karai na mlango.